Kutoka Changu hadi Kingamwili: Kisa cha Mtafiti wa Tanga Aliyebadili Fani

Mwombaji wa kisa hiki ni mtafiti wa samaki. Shahada yake ya uzamivu ilihusu changu wa mwambao wa Tanga: wanaishi miaka mingapi, wanakufa kwa kasi gani, na vifo vyao vingapi vinatokana na uvuvi. Alipomaliza aliomba nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, mkataba wa miaka miwili, katika timu inayopima maambukizi ya malaria kwa kuangalia kingamwili kwenye damu za wanavijiji, kuanzia pwani hadi milima ya Usambara. Tangazo lilitaka mtu wa epidemiolojia, wa takwimu za tiba, au wa fani inayokaribiana na hizo. Kwa mtu anayesoma harakaharaka, samaki na malaria havikaribiani hata kidogo.

Nakieleza kisa kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la taasisi. Nimesoma maombi mengi ya watu wanaohama fani, mara nyingine nikiwa kwenye jopo, mara nyingine nikimsaidia mwombaji, na mengi hukwama mahali pale pale: ujuzi unatajwa kwa majina ya jumla, na jopo halioni utafanya kazi gani siku mtu anapokabidhiwa takwimu zao. Huyu alipita kwa sababu alichukua hesabu moja aliyoijua vizuri, akaonyesha kuwa ndiyo hiyo hiyo wanayoifanya wao, kisha akaonyesha ni wapi hasa hesabu hiyo ikihamishwa ilivyo itadanganya. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo lililombeba.

Barua ya kwanza

Barua aliyoniletea mwanzoni ilikuwa na sentensi hii: "Nina uzoefu mkubwa wa uchambuzi wa takwimu, kazi za uwandani na ushirikishwaji wa jamii, na naamini ujuzi huu utanisaidia katika utafiti wa malaria." Hakuna uongo ndani yake. Lakini mwombaji mwingine aliyesoma epidemiolojia ataandika maneno hayo hayo, na juu yake ataongeza kuwa malaria anaijua. Sentensi inayomfaa kila mwombaji humfaa zaidi yule aliye karibu na kazi.

Tatizo la pili lilikuwa sababu ya kuhama. Aliandika kuwa alipokuwa akihesabu ngalawa zinazotoka kila siku kwenye madiko ya Sahare na Kigombe, aliona zinapungua baada ya masika, akaambiwa na wavuvi kuwa watu wako kitandani na homa, na hapo ndipo alipovutwa na malaria. Simulizi nzuri, na naamini aliambiwa hivyo kweli. Nikamuuliza upepo wa miezi hiyo ni upi.

"Kusi, mwalimu."

"Na kusi ikishika, ngalawa zinafanya nini?"

Alicheka, maana jibu analo kuliko mimi. Baada ya masika bahari huchafuka kwa kusi, na ngalawa nyingi hubaki pwani hata kama kila mvuvi ni mzima wa afya. Homa na upepo vinakuja pamoja, na kwa takwimu alizokuwa nazo hakuna namna ya kuvitenganisha. Mtu anayeomba kazi ya kutenganisha sababu na sababu hawezi kufungua barua yake kwa sababu mbili zilizochanganyika. Mjumbe wa jopo aliyekulia pwani angeliona hilo kabla hajafika aya ya pili.

"Kwa hiyo niitoe?"

"Itoe kama hoja. Sasa niambie ukweli: ni sura gani ya tasnifu yako uliyoiandika bila kusukumwa?"

Hakufikiri sana. Ilikuwa sura ya nne, iliyouliza kama umri wa changu walio hai leo unaweza kusema kitu kuhusu vifo vya miaka iliyopita. Kwa sababu ya sura hiyo alikuwa ameanza kusoma nje ya uvuvi, akakutana na kazi ya Hugo Muench, ambaye mwaka 1934 alionyesha namna ya kupata kasi ya kuambukizwa kutokana na umri wa watu walio na alama ya ugonjwa mwilini. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1957, Beverton na Holt walichapisha kitabu ambacho wanauvuvi wote wanakijua, chenye hesabu za vifo vya samaki zilizojengwa juu ya wazo linalofanana nalo. Hapo ndipo sababu yake halisi ilipokuwa. Swali lilimtangulia kuingia kwenye malaria, na yeye alikuwa analifuata.

Kulikuwa na sababu nyingine aliyotaka kuificha, kwamba mradi wa samaki uliomlipa ulikuwa umeisha. Nilimshauri aiandike kwa sentensi moja na aiache hapo. Tarehe za mradi ziko kwenye wasifu wake na kila mjumbe ataziona. Sababu ya kusukumwa haimvunjii mtu heshima maadamu sababu ya kuvutwa ipo na inaonekana.

Hesabu ya changu

Ili nieleze barua ya pili ilikuwa na nini, lazima nieleze kwanza hesabu yenyewe. Nitatumia namba rahisi za mfano.

Chukua changu walioshushwa dikoni, uwapasue vichwa, utoe vile vijiwe vidogo vya sikio, uvikate na kuhesabu pete zake kwa darubini, pete moja kwa mwaka. Sasa una umri wa kila samaki. Tuseme umepata changu 400 wa miaka minne, 200 wa miaka mitano, 100 wa miaka sita na 50 wa miaka saba. Kila mwaka unaopita unabakisha nusu. Ukizichora namba hizo kwa logi asilia, zinakuwa mstari ulionyooka unaoteremka, na mteremko wake ni 0.69 kwa mwaka. Hiyo ndiyo kasi ya vifo vyote kwa jumla, vya uvuvi na vya asili.

Kuna mambo mawili ambayo kila mwanauvuvi huyajifunza kwa kuumizwa nayo. La kwanza: samaki wadogo hawamo kwenye hesabu. Dema linasukwa kwa matundu, na changu mdogo huingia na kutoka. Kwa hiyo changu wa mwaka mmoja wataonekana wachache kuliko wa miaka minne, na si kwamba ni wachache baharini. Sehemu hiyo ya mchoro hukatwa, hesabu ikaanza pale ambapo samaki wote wa umri ule wanaweza kunaswa sawasawa.

La pili ndilo lililokuwa sura yake ya nne. Mstari hunyooka endapo kasi ya vifo haijabadilika miaka yote hiyo. Pwani ya Tanga imebadilika. Uvuvi wa baruti ulitesa miamba yetu kwa miongo, na baruti haichagui ukubwa wa samaki kama dema linavyochagua. Sasa linganisha changu wa miaka saba na wa miaka sita. Wa miaka saba amepitia kila mwaka aliopitia mwenzake, na mmoja zaidi, ule wa nyuma kabisa. Kwa hiyo pengo kati ya idadi zao linausoma mwaka ule wa zamani. Pengo kati ya wa miaka mitano na wa miaka minne linausoma mwaka wa karibuni zaidi. Vifo vikipungua karibuni, mstari utakuwa mlalo kwa samaki wadogo na mkali kwa wakubwa, na pale unapopinda pana mwaka wake. Hii inadai pia kuwa samaki wapya wanaoingia kila mwaka wasitofautiane sana kwa idadi, jambo ambalo bahari haikuahidi, na sura yake ilitumia kurasa nyingi kulipima hilo.

Hesabu hiyo hiyo kwenye damu

Mtu akiumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria, mwili wake hutengeneza kingamwili, na baadhi yake hukaa miaka mingi baada ya homa kupona. Mtoto mchanga huanza bila za kwake. Kadiri anavyokua ndivyo uwezekano wa kuwa amewahi kuambukizwa unavyoongezeka. Kwa hiyo ukipima kijiji kizima na kuwapanga watu kwa umri, utaona asilimia ya wenye kingamwili ikipanda, na jinsi inavyopanda ndiyo kasi ya kuambukizwa ya kijiji kile. Kasi hiyo ikiwa 0.1 kwa mwaka, tunategemea watoto 39 kati ya 100 wenye miaka mitano wawe na kingamwili, 63 kati ya 100 wenye miaka kumi, na 86 kati ya 100 wenye miaka ishirini. Utafiti uliofanywa vijijini Kilimanjaro na Tanga na kuchapishwa mwaka 2005 ulitumia njia hii kulinganisha vijiji vya miinuko tofauti, na ndio unaoifanya milima yetu itajwe somo hili linapofundishwa.

Barua ya pili iliweka hesabu hizi mbili kando kwa kando kwa aya moja. Samaki anayesalia baharini mwaka hadi mwaka ni sawa na mtu ambaye bado hajaambukizwa: kila mwaka fungu lile lile la waliobaki linaondoka. Kasi ya vifo inachukua nafasi ya kasi ya kuambukizwa. Vitoto vya changu vinavyopenya kwenye dema vinalingana na watoto wachanga, ambao damu yao bado ina kingamwili walizopewa na mama zao, na kwa hiyo wanaonekana wameambukizwa wakati hawajawahi. Kundi hilo nalo hukatwa, kwa kawaida walio chini ya mwaka mmoja. Na pale mstari unapopinda pana habari ile ile: watoto wanasimulia maambukizi ya miaka ya karibuni, na tofauti kati ya watu wa makamo na wazee inasimulia miaka ya zamani. Kijiji kilichogawiwa vyandarua miaka kumi iliyopita kitaonyesha mpindo karibu na umri wa miaka kumi.

Napenda sana aya ile. Haikusema popote kuwa ujuzi "unahamishika". Mjumbe wa jopo anayejua malaria aliweza kusoma upande wake wa ulinganisho, akauona ni sahihi, na kwa njia hiyo akaamini upande wa samaki asioujua.

Lakini ningekuwa mimi kwenye jopo, aya hiyo peke yake ingenitia wasiwasi. Mtu anayeona kila kitu kipya kinafanana na kile alichokizoea ni mtu wa hatari kwenye takwimu.

Mahali ulinganisho unapovunjika

Changu aliyekufa harudi. Kingamwili hurudi nyuma: mtu asipoambukizwa tena kwa miaka mingi, kiwango chake hushuka hadi kipimo kinamsoma kama ambaye hajawahi kuugua. Kwenye hesabu ya samaki hakuna mlango huo wa kurudia, na mwanauvuvi akiichukua hesabu yake ilivyo ataukosa.

Kosa lake linakuwa kubwa kiasi gani? Hapa ndipo mwombaji alipofanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alitengeneza kwenye kompyuta kijiji cha kubuni ambacho ukweli wake anaujua mwenyewe: kasi ya kuambukizwa 0.1 kwa mwaka, isiyobadilika kamwe, na kasi ya kupoteza kingamwili 0.02 kwa mwaka. Katika kijiji hicho wenye kingamwili wanakuwa 38 kati ya 100 kwa umri wa miaka mitano, 58 kwa miaka kumi, 76 kwa miaka ishirini, na 83 kwa miaka arobaini. Zilinganishe na zile za mwanzo. Kwa watoto wa miaka mitano tofauti ni mtu mmoja tu. Kwa wenye miaka ishirini tofauti ni kumi.

Kisha akaipitisha hesabu ya kiuvuvi juu ya kijiji hicho, ile isiyojua kurudi nyuma. Kwa kutumia watu wa miaka ishirini peke yao ilimpa kasi ya 0.07. Kwa watu wa miaka arobaini ilimpa 0.04. Sasa mkumbuke alivyofundishwa kusoma mpindo: wazee wanasimulia zamani, watoto wanasimulia leo. Zamani 0.04, leo karibu 0.1. Mwanauvuvi angeandika ripoti kuwa malaria imeongezeka zaidi ya mara mbili katika kizazi kimoja, kwenye kijiji ambacho hakuna kilichobadilika hata siku moja. Na ripoti hiyo ingekwenda wilayani, na mtu angepanga dawa na vyandarua kwa kuifuata.

Dawa yake ni kuipa hesabu kasi mbili badala ya moja. Aliambatisha msimbo wa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, mfupi kiasi cha kusomeka kwa mtazamo mmoja:

```r
nll <- function(p) {
  l <- exp(p[1]); r <- exp(p[2])
  P <- l / (l + r) * (1 - exp(-(l + r) * umri))
  -sum(dbinom(chanya, jumla, P, log = TRUE))
}
optim(c(log(0.1), log(0.02)), nll)
```

Hapo `l` ni kasi ya kuambukizwa na `r` ni kasi ya kupoteza kingamwili, `umri` ni umri wa kila kundi, `jumla` ni waliopimwa na `chanya` ni waliokutwa na kingamwili. Kwa anayejua, hakuna jipya. Umuhimu wake kwenye maombi ni kwamba umeandikwa na mtu wa samaki, na umeandikwa baada ya kuonyesha kwa nini ule wa samaki haufai.

Aliongeza jambo moja lililonifurahisha kuliko msimbo. Kasi hizi mbili hazitenganishwi vizuri na takwimu za kijiji kimoja. Kasi kubwa ya kuambukizwa pamoja na kasi kubwa ya kupoteza hutoa mchoro unaokaribiana na ule wa kasi ndogo mbili, hasa watoto wakiwa wachache kwenye sampuli. Ndiyo maana watafiti huchukua vijiji vingi kwa pamoja na kudhani kuwa kasi ya kupoteza kingamwili ni moja kwa vyote, kisha wakaacha kasi ya kuambukizwa itofautiane. Shida hii aliijua tangu kwenye changu: vifo vya uvuvi na vifo vya asili navyo hujumlishwa kwenye mteremko mmoja, na umri peke yake hauwezi kusema kila kimoja ni kiasi gani. Huko walilitatua kwa kulinganisha maeneo yanayovuliwa na yaliyofungwa. Akili ya kutafuta kipimo cha pili, pale cha kwanza kinapochanganya mambo mawili, hiyo ilihama naye nzima nzima.

Ujuzi wa dikoni

Kulikuwa na ujuzi mwingine mmoja uliostahili kutajwa, na alikuwa hauthamini. Samaki wanaofika dikoni si mfano sawa wa samaki walio baharini. Changu mkubwa mara nyingi huuzwa majini kabla chombo hakijafunga, na anayekaa mchangani na rula yake hamwoni. Aliligundua hilo kwa kukaa na wavuvi, akapata ruhusa ya kamati ya usimamizi wa fukwe kupanda ngalawa na kupima kule kule.

Kwenye malaria swali ni lile lile, limevaa sare ya shule. Ni rahisi kupima watoto wakiwa darasani. Mtoto mwenye homa siku hiyo yuko nyumbani, na mtoto anayechunga au anayekata mkonge na wazazi wake hayuko kwenye rejista kabisa. Aliandika hivyo kwa sentensi tatu na kupendekeza nyumba chache zipimwe sambamba na shule ili pengo lijulikane. Hakuandika kuwa ana uzoefu wa kufanya kazi na jamii. Msomaji aliona mwenyewe.

Asichokuwa nacho

Nilimwambia asiziombee radhi pengo zake, azitaje kama fundi anavyotaja kifaa kinachokosekana kwenye boksi. Zilikuwa tatu.

Maabara. Kipimo cha ELISA, kile cha maabara kinachopima kingamwili kwenye damu, hakisemi ndiyo au hapana. Kinatoa namba ya ukolezi wa rangi, na mtu anaamua mstari wa kukata uwe wapi, kwa mfano wastani wa watu wasiowahi kuishi penye malaria ukijumlisha mikengeuko sanifu mitatu. Ukiusogeza mstari, kijiji kizima kinapanda au kushuka, na kasi inabadilika bila mbu hata mmoja kuongezeka. Yeye hajawahi kushika sahani ya ELISA. Alichonacho ni kuwa kwenye tasnifu yake watu wawili walisoma pete za vijiwe vile vile bila kuonana, akapima walivyotofautiana na kuingiza tofauti hiyo kwenye hesabu. Aliandika kuwa anaijua tabia ya kosa la aina hiyo, lakini chanzo chake kwenye damu anahitaji kufundishwa.

Maadili. Kumpima samaki aliyekwisha kuvuliwa hakuhitaji ridhaa ya samaki. Damu ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi, kukubali kwa mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuelewa, na kibali cha maadili cha kitaifa kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Alikuwa ameshaanza kozi ya maadili ya utafiti kwa binadamu kabla ya kutuma maombi, akaweka tarehe atakayomaliza.

Baiolojia ya kinga yenyewe. Hapa aliandika kwa uwazi kuwa hana, na kwamba katika miezi sita ya kwanza hatadai kutafsiri matokeo ya kingamwili za aina tofauti bila mwenzake wa maabara.

Wako wanaosema kuandika hivi ni kujichimbia. Kwenye maombi ya mtu wa ndani ya fani labda. Mhamaji hana namna ya kuzificha pengo hizi, kwa kuwa jopo limeshazihesabu kabla ya kufungua bahasha. Analoweza kuonyesha ni kuwa naye amezihesabu, na hesabu zao zimekutana.

Wasifu na wadhamini

Wasifu ulibadilika kidogo tu. Makala zake zote ni za samaki na zikabaki na vichwa vyake, ila chini ya kila moja aliweka mstari mmoja unaosema njia iliyotumika: kukadiria kasi kutokana na umri, kusahihisha sampuli isiyo sawa, kupima kutokubaliana kwa wasomaji. Msomaji asiyejua changu alipata kitu cha kushika.

Wadhamini walihitaji kazi zaidi. Msimamizi wake wa uzamivu angemsifu kama mwanauvuvi bora, na sifa hiyo ingemrudisha baharini. Alimwomba aandike kuhusu jambo moja: alivyofanya matokeo ya sura ya nne yalipokataa kukubaliana na dhana ya mwanzo. Mdhamini wa pili alipaswa kuwa wa upande wa pili, na hakuwa na mtu. Basi alituma kile kijiji chake cha kubuni kwa mtakwimu wa magonjwa ambaye hawakuwahi kufanya kazi pamoja, akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe palipo na kosa. Alijibiwa kwa ukurasa mzima. Alikuwa ameisahau ile kasi ya watoto kuambukizwa kuwa ndogo kuliko ya wakubwa, kwa kuwa mwili mdogo unaumwa na mbu wachache. Akarekebisha, akarudisha. Baada ya barua kadhaa za namna hiyo, mtakwimu yule alikubali kumwandikia, na alikuwa na cha kuandika.

Usaili

Swali la kwanza lilikuwa lile tulilolitarajia: utakaa, au mradi wa samaki ukipatikana utarudi? Alijibu kuwa sura mbili za tasnifu bado hazijachapishwa na atazimalizia, na kwamba anaomba siku moja kwa wiki kwa miezi sita ya mwanzo kwa kazi hiyo. Wajumbe wawili hawakupenda. Mwenyekiti alisema afadhali ombi lililosemwa kuliko siku zinazoibwa.

Swali lililoamua lilikuja baadaye. Mmoja alimwonyesha mchoro wa kijiji kimoja cha pwani ambao unapanda haraka utotoni na kulala baada ya miaka ishirini, akamuuliza unaonyesha nini. Mtu mwenye haraka angesema maambukizi yameongezeka. Mwingine, aliyesoma somo la kurudi nyuma kwa kingamwili juzi, angesema ni kurudi nyuma tu. Yeye alisema mchoro mmoja hauwezi kuchagua kati ya hayo mawili, akauliza kama kuna vijiji vya mlimani vilivyopimwa kwa sahani zile zile na mstari ule ule wa kukata, ili kasi ya kupoteza ikadiriwe kwa wote pamoja. Vilikuwepo.

Alipewa nafasi kwa masharti mawili. La kwanza, awe na msimamizi wa pili kutoka maabara, na mwezi wa kwanza wote aushinde huko akijifunza kupima mwenyewe. La pili, asiwe mwandishi wa kwanza wa makala yoyote ya kingamwili katika mwaka wa kwanza, isipokuwa ya njia za hesabu. Hili la pili nililiona kali, na nilimwambia hivyo, kwa sababu mkataba wa miaka miwili hauna nafasi ya kupoteza mwaka, na ombi lake linalofuata litapimwa kwa makala. Alijadiliana nao. Walikubaliana kuwa makala ya kwanza iwe ile ya kulinganisha shule na nyumba, ambayo inasimama zaidi kwenye sampuli kuliko kwenye kinga, na ile siku moja ya changu ikapunguzwa kuwa nusu siku.